TAHADHARI: Wenye brendi za losheni, huyu mtengenezaji asiwaguse

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Nilikuwa na mpango wa kutengeneza losheni yangu mwenyewe kwenye chumba huko Kibaha, hata mashine ya kuchanganyia nilikuwa nimeshaitolea bei. Huyu baba mtengenezaji ndiye aliyenitoa kwenye mpango ule. "Dada, kiwanda chako mwenyewe kitakumaliza, vibali tu vitakula mtaji. Mimi nina kila kitu, wewe lete chupa na lebo."

Na nani asingemwamini? Nilimkuta na koti jeupe na kofia ya nywele, tangi la chuma cha pua linang'aa, leseni ya TBS ukutani kwenye fremu. Akanipaka sampuli mkononi, nzito, laini, inanukia vizuri. Nikakaa nayo nyumbani na haikubadilika hata kidogo. Nikalipa asilimia 70 ya chupa 1,000.

Mzigo ulipofika nikafungua chupa moja mbele ya mteja wangu wa jumla. Juu kuna maji, chini uji, na ndani ya kifuniko vidoa vyeusi vya ukungu. Yule mama aliinusa, akairudisha mezani bila kusema neno. Aibu niliyoipata hapo Mungu ndiye anajua.

Rafiki yangu mkemia akachovya karatasi ya kupimia pH: 7. Kihifadhi kilichoandikwa kwenye orodha ya viungo ni sodium benzoate peke yake, ambayo inahitaji losheni yenye asidi, pH ya 5 hivi au chini. Kwenye 7 ni kama hakuna kitu, na losheni imejaa maji, bakteria na ukungu wanazaliana tu. Sampuli yangu ilikuwa 5. Yaani ile niliyopewa kujaribu na ile niliyouziwa ni losheni mbili tofauti!

Nilipomdai fomula nimpelekee mtengenezaji mwingine, akasema ni siri ya kiwanda. Bila fomula siwezi hata kusajili bidhaa, na jina kwenye chupa ni langu, mteja akiwashwa ananitafuta mimi. Huyu mtu afungiwe, anyang'anywe hilo tangi, arudishe hela za watu wote! Polisi nimeshafika, na TBS nakwenda.

Leseni ile ya ukutani, niliposoma vizuri picha niliyopiga, ni ya sabuni ya maji, si losheni. Leseni hutolewa kwa bidhaa, isomeni mpaka mwisho. Chupa hazikuwa na namba ya bechi. Aligoma kuandika kwenye mkataba kwamba fomula ni yangu. Sampuli ya bechi yenyewe, kabla haijajazwa kwenye chupa, hakutaka nipime.

Chumba cha Kibaha bado kipo. Nimeanza na mafuta ya mgando, hayana maji ndani, ukungu haupati pa kuanzia kirahisi. Mliolipa kwa huyu baba njooni inboksi, twende kushtaki pamoja.