Uzoefu wangu: pawabenki, ruta na simu ya akiba umeme unapokatika darasani

Nafundisha hesabu kwa simu ya video, vipindi vya saa moja na nusu, na kwa miezi minne sasa pawabenki ya mAh 20,000 ndiyo inayonishikia darasa umeme ukikatika. Nimeridhika nayo sana, ila mwanzoni niliitumia vibaya.

Nilinunua nikidhani shida ni kompyuta. Kumbe laptopu ina betri yake na inakwenda saa tatu bila waya. Kinachovunja darasa ni ruta: umeme ukiondoka inazima papo hapo, na hata umeme ukirudi baada ya nusu dakika, ruta inachukua dakika mbili tatu kuwaka na kushika mtandao. Basi pawabenki nikaihamishia kwenye ruta. Ruta yangu inataka volti 12 na pawabenki inatoa 5, kwa hiyo kati yake nimeweka waya wa kupandisha volti. Kabla ya kununua waya huo soma kibandiko cha ruta yako, kwa sababu zipo za volti 9, na ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

Ile mAh 20,000 inapimwa kwenye betri za ndani, ambazo ni volti 3.7, hivyo nishati iliyomo ni wati-saa 74. Sehemu yake inapotea kama joto wakati wa kupandisha volti. Mimi huhesabu 55 tu. Ruta yangu inakula wati 8 hivi, maana yake ni karibu saa saba. Kwa darasa langu inatosha na kubaki.

Kosa langu lilikuwa kuiacha pawabenki ukutani muda wote huku inalisha ruta, ili iwe imejaa kila wakati. Umeme ulipokatika mara ya kwanza, taa za ruta zilizima zote, kisha zikaanza kuwaka moja moja kama imechomekwa upya. Darasa likakatika vilevile. Pawabenki nyingi, zikikosa umeme wa ukutani ghafla, hukata kidogo umeme unaotoka wakati zinahamia kwenye betri. Simu haioni pengo hilo kwa kuwa ina betri yake, lakini ruta haina. Jaribu mwenyewe: chomoa pawabenki ukutani huku macho yako yako kwenye taa za ruta. Zikizima, hata kwa nukta moja, fanya kama ninavyofanya: ijaze usiku, kisha ichomoe ukutani kabla ya kipindi na ruta iendelee kuitegemea hiyo peke yake.

Simu naiingiza kwenye kikao hichohicho tangu mwanzo, kwa data yake. Waifai naizima, la sivyo itaanguka pamoja na ruta. Kamera imezimwa, video za wengine nimezizuia zisile bando, na sauti sijaiunganisha, maana vifaa viwili vikisikizana mezani hutoa mlio usiovumilika. Pia naipa simu mamlaka ya mwenyeji mwenza, ili laptopu ikianguka darasa libaki mikononi mwangu.

Kiokoa betri kinahitaji uangalifu. Siku ya kwanza nilikiwasha, skrini ikajifunga, na nilipoichukua simu nikakuta imeshatoka kwenye kikao, kwa kuwa kiokoa betri hubana programu zinazofanya kazi kwa nyuma. Nikaenda kwenye mipangilio ya betri, nikaiondolea programu ya kikao vizuizi hivyo, na skrini naiacha wazi ikiwa na mwanga hafifu. Tangu hapo haijatoka tena.

Wiki iliyopita umeme ulikatika dakika ya 25. Feni ilinyamaza, taa ya chumba ikazima, na wanafunzi hawakujua kitu. Tuliendelea na mlinganyo wetu. Dakika ya 40 picha zikaganda. Niliangalia ruta: inawaka, ila taa ya intaneti ilikuwa nyekundu. Hapo pawabenki haiwezi kitu, kwani tatizo lilikuwa kwenye mitambo ya njiani. Nikaunganisha sauti ya simu, nikasema "mnanisikia?", nikajibiwa mara moja. Nikaigeuzia kamera yake kwenye daftari na kumalizia swali kwa kalamu.

Baadaye kidogo sauti ikaanza kukatikakatika, kama inavyotokea umeme ukiondoka na majirani wote wakahamia kwenye data ya simu. Nilizima kamera, nikawa nasoma hatua kwa sauti na kuandika majibu kwenye ujumbe wa kikao. Sauti peke yake inahitaji data kidogo sana, ikatulia hadi mwisho. Tulipomaliza, taa tatu kati ya nne za pawabenki zilikuwa bado zinawaka.