Uzoefu wangu wa kuwasha televisheni janja mpya: kurasa nilizozisoma na nilizoziruka

Mwezi uliopita nilinunua Kariakoo televisheni janja ya inchi 43 inayotumia mfumo wa Google TV. Picha yake ni nzuri na sauti yake ni ya wastani, lakini jambo lililonifanya niandike ni nusu saa ya mwanzo, pale mashine inapokuuliza maswali ukurasa baada ya ukurasa kabla ya kukuonyesha chochote. Fundi wa dukani alijitolea kunimalizia kazi hiyo kwa dakika tano, nikakataa kwa adabu, kwa sababu nilikwisha kuona matokeo ya dakika tano za namna hiyo nyumbani kwa shemeji yangu.

Televisheni ya shemeji ilikuwa iking'aa kupita kiasi. Kila alipopunguza mwanga, baada ya muda mfupi ulirudi juu wenyewe, na chini ya kioo palikuwa na utepe wa kusifia ubora wa seti ambao hakuna aliyeweza kuuondoa. Aliamini kwamba ameuziwa mali mbovu. Kumbe aliyeiwasha mara ya kwanza alikuwa amejibu swali moja vibaya, lile linalouliza kama seti itakaa nyumbani au dukani, ambalo kwenye kioo huandikwa "Home" na "Store" au maneno yanayofanana na hayo. Hali ya duka imetengenezwa ili seti ishindane na mwanga mkali wa taa za dukani, na hurejesha mipangilio yake makusudi ili mteja mmoja asimharibie anayefuata. Tuliingia kwenye mipangilio ya mfumo, tukachagua nyumbani, na utepe ukatoweka papo hapo. Ukurasa huo haurukwi, wala haubofyiwi kwa mazoea.

Kwangu, mashine ilianza na lugha, kisha nchi. Nchi niliijibu kwa ukweli, ingawa rafiki alinishauri nichague Ulaya ili nipate programu nyingi zaidi. Ushauri huo si sahihi: duka la programu hufuata nchi ya akaunti yako ya Google, ilhali nchi unayoichagua hapa ndiyo inayoelekeza kipokezi cha antena kitafute masafa gani na kipange chaneli vipi. Baadhi ya seti hazikuruhusu kuibadilisha baadaye bila kufuta kila kitu na kuanza upya.

Halafu likaja swali ambalo watu wengi hawajui kwamba lina majibu mawili: "Set up Google TV" au "Set up basic TV". La pili huifanya seti kuwa televisheni ya kawaida, yenye antena na matundu ya HDMI tu, bila akaunti na bila programu. Kwa mzee anayetazama king'amuzi peke yake, chaguo hilo linatosha kabisa, na siku akihitaji YouTube anaweza kuingiza akaunti bila kupoteza kitu. Mimi nilichukua la kwanza, lakini sikutumia barua pepe yangu ya kazini. Niliweka akaunti ya familia niliyoifungua kwa ajili hiyo, kwa kuwa akaunti utakayoingiza hapo huja na historia yake yote ya YouTube, na sebule si mahali pa wageni kujua usiku uliopita ulikuwa ukitafuta dawa ya nini.

Ukichagua televisheni ya kawaida, mtandao pia unaweza kurukwa, ila kuna gharama mbili za kuzijua, moja ya kuuruka na nyingine ya kuiunganisha seti. Ya kwanza ni saa: seti isiyo na mtandao inaweza kubaki na tarehe ya zamani, na ukiiunganisha baadaye huku saa ikiwa imewekwa kwa mkono na haiko sahihi, programu hukataa kufunguka kwa madai kwamba hakuna mtandao, ilhali waifai inaonekana imeshika. Dawa yake ni kurudisha tarehe kwenye hali ya kujipanga yenyewe. Ya pili ni bando. Mara tu nilipoiunganisha na simu yangu, seti ilianza kupakua toleo jipya la mfumo, na likanila zaidi ya giga moja kabla sijagundua. Toleo hilo lina manufaa, nami nisingemshauri mtu aliache moja kwa moja, lakini linaweza kusubiri siku utakapopata waifai isiyopimwa. Likishaanza kusakinishwa, usichomoe waya wa umeme.

Sasa nifike kwenye ukurasa ulionikera. Google yenyewe ilikuwa na masharti ambayo lazima uyakubali ili kuendelea, kisha ikauliza kuhusu kutumia mahali ulipo, na kuhusu kutuma taarifa za matumizi na hitilafu. Yote mawili niliyakataa, na hakuna kilichoharibika. Baada yake ukaja ukurasa wa mtengenezaji wa seti, wenye visanduku vinne na kitufe kikubwa cha buluu juu yake, "Agree to all", ambacho tayari kilikuwa kimewekewa alama ya kuchaguliwa, kiasi kwamba mtu mwenye haraka akibonyeza OK amekubali vyote. Kanuni za matumizi ndizo pekee zilizokuwa za lazima. Nilishuka kwa rimoti nikafungua kisanduku kimoja kimoja. Kimojawapo kilitaka ruhusa ya "viewing information", nacho ndicho cha kuogopwa.

Kisanduku hicho kinahusu utambuzi wa maudhui: seti huchukua vipande vidogo vya picha au sauti inayoonyeshwa, hutengeneza alama yake, kisha huilinganisha na hazina ya mbali ili ijue unatazama nini. Haihitaji utumie programu zake, kwani inaweza kutambua hata kinachotoka kwenye king'amuzi au deki kupitia HDMI. Si hofu ya kubuni. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la kukusanya taarifa za namna hiyo kutoka televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Niliacha tupu kisanduku hicho, cha matangazo yanayomlenga mtu, na cha huduma ya sauti. YouTube na Netflix zinafanya kazi kama kawaida. Nilichokosa ni kutafuta kwa kuzungumza na rimoti tu.

Kurasa zilizosalia nilizipita haraka. Orodha ya huduma za filamu unazolipia, programu za ziada za kupakua na utambuzi wa sauti ya mwenye nyumba vyote vina "Skip" au "Not now", na vyote hupatikana baadaye. Kutafuta chaneli nako nilikuruka, maana natumia king'amuzi. Mwenye antena asiruke, ila achague dijitali peke yake. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, na kuisubiri seti ipekue masafa hayo ni kupoteza muda.

Wiki iliyopita seti ilipokea toleo jingine la mfumo, ikajizima na kuwaka. Kabla ya picha kurudi, ule ukurasa wa visanduku vinne ulitokea tena na kitufe chake cha buluu kikiwa kimechaguliwa, na mwanangu mwenye rimoti alikuwa tayari ameinua kidole. Nilimwomba rimoti, nikashuka tena kisanduku kwa kisanduku.