Uanachama wa kuvutwa gari hapa Texas: maili, miito minne, na nani hasa anayehudumiwa

Sisi tunaokaa Garland huenda Houston mara kwa mara, kwa harusi, kwa matanga, au kumpokea mgeni. Barabara ni ile I-45, karibu maili 240, na katikati kuna vipande virefu ambavyo gereji ziko mbali na Jumapili hazifunguliwi. Kwa hiyo nimekuwa kwa muda mwanachama wa AAA, klabu ya madereva inayokuja kukusaidia gari likikwama, daraja la Plus, na kabla ya hapo nilitegemea huduma ya kuvutwa iliyoambatanishwa na bima ya gari langu. Nimetumia zote mbili. Watu wengi huzilinganisha kwa bei peke yake, na bei haikwambii utafikishwa wapi siku gari litakapokufa.

Nianze na maili, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotelea. AAA si kampuni moja. Ni shirikisho la klabu za kikanda, ndiyo maana viwango hutofautiana kidogo kutoka jimbo hadi jimbo. Lakini mpangilio ni ule ule: daraja la chini, Classic, huvuta gari maili chache tu, 5 katika klabu nyingi na 7 kwingine. Plus huvuta hadi maili 100. Premier hukupa safari moja ya hadi maili 200 kwa mwaka, na safari zilizobaki ni za maili 100. Maili zinazohesabiwa ni zile gari linazosafiri likiwa limebebwa, kutoka lilipokwama hadi unapotaka lishushwe.

Sasa tazama inavyokuwa kwa vitendo. Tulikuwa tunarudi kutoka Houston Jumapili jioni, mpira wa rejeta ukapasuka karibu na Corsicana. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, nikaegesha pembeni na kuzima injini hapo hapo. Kutoka pale hadi kwa fundi wangu Garland ni kama maili 62. Kwa Plus sikulipa kitu. Dereva wa bredauni aliniambia kwamba kwa mwenye mkataba wa maili chache yeye hutoza dola 7 kwa kila maili inayozidi. Piga hesabu: hata ukipewa maili 7 za bure, zinabaki 55, na hizo ni dola 385 usiku mmoja. Tofauti ya ada ya mwaka kati ya Classic na Plus haikaribii hata kidogo kiasi hicho. Mtu anayeendesha mjini tu, nyumbani kazini na kanisani, maili 5 au 7 zinaweza kumtosha akikwama karibu na kwake. Anayetoka nje ya mji, hapana.

Kuna jambo jingine nililojifunza usiku ule ambalo silioni kwenye matangazo. Kabini ya lori lile ilikuwa na nafasi ya watu wawili tu, na sisi tulikuwa wanne. Mke wangu na mtoto mdogo walipanda na dereva, mimi na kijana tukachukuliwa na rafiki aliyekuwa nyuma yetu barabarani. Unapopiga simu, mwambie anayepokea mko wangapi kabla hata hajakuuliza rangi ya gari. Mwambie pia kama gari lako linaendeshwa na magurudumu yote manne, maana hilo linatakiwa kubebwa zima juu ya lori, si kuvutwa huku magurudumu mawili yakizunguka chini.

Miito, yaani mara unazoruhusiwa kuita msaada, ni 4 kwa mwaka wa uanachama, kuanzia tarehe uliyojiunga. Isiyotumika haihamii mwaka unaofuata. Kila fundi anapokuja idadi inapungua, hata kama ni kubusti betri tu, kubadilisha tairi kwa spea, au kufungua mlango ufunguo ukiwa umebaki ndani. Betri iliyochoka inaweza kula miito miwili ndani ya wiki moja ya baridi. Ukibustiwa na asubuhi gari ligome tena, nunua betri, usipige simu ya pili.

Kuvutwa mara mbili kwa tatizo lile lile pia ni miito miwili. Usiku ule wa Corsicana dereva aliniuliza kama aliteremshe gari nyumbani, kwa kuwa gereji imefungwa. Nikamwambia hapana, lipeleke gereji moja kwa moja. Fundi wangu ana kisanduku cha ukuta cha kudumbukizia funguo usiku. Lingelala nyumbani, Jumatatu ningelazimika kutumia mwito mwingine kulipeleka maili tatu tu.

Tuje kwenye suala la nani anahudumiwa, ambalo ndilo linaleta ugomvi majumbani. Uanachama wa AAA ni wa mtu, si wa gari. Gari lolote la kawaida ninaloendesha, hata la kukodi, hata la jirani, hata nikiwa abiria tu, nahudumiwa mradi nipo pale na kadi na kitambulisho. Kijana wetu yuko chuo, hana gari, lakini tumemwongeza kama mwanafamilia kwa sababu kila mara anapanda magari ya wenzake. Kila aliyeongezwa ana miito yake minne, hagawani na mimi.

Upande wa pili, shemeji yangu alipokuja kukaa nasi akawa anaendesha gari langu kwenda kazini zamu ya usiku. Gari ni langu, kadi ni yangu, lakini yeye akikwama peke yake hana huduma, kwa sababu mwanachama hayupo pale. Ile huduma ya bima ndiyo kinyume chake: imefungwa kwenye gari lililoandikwa kwenye mkataba, na yeyote niliyemruhusu kuliendesha anahudumiwa. Ila ya kwangu ilikuwa na kikomo cha maili 15, na siku niliyokwama na gari la rafiki waliniambia wazi hawaji, gari hilo hawalijui. Kampuni nyingine pia huandika kila mwito kwenye rekodi yako ya madai, kwa hiyo waulize kwanza. Shemeji tulimlipia uanachama wake, na ile ya bima nikaiondoa.

Ndugu zetu wanaobeba abiria au mizigo kwa malipo wasome mkataba kwa makini zaidi. Mikataba mingi ya watu binafsi haigusi teksi na magari ya biashara. Lori la kukodi la kuhamia nyumba halimo, pikipiki na trela za kambi huhitaji nyongeza yake, na gari lisilo na namba halali wanaweza kulikataa.

Na usingoje hadi ukwame ndipo upandishe daraja. Klabu nyingi zina siku za kusubiri, hadi 7, kabla ya maili 100 kuanza kufanya kazi. Kama safari ya Houston ni Jumamosi, jiunge wiki mbili kabla, kisha ingia kwenye akaunti yako uthibitishe tarehe ambayo Plus inaanza.