Potali ya matokeo tuliyotumia mwaka mzima: iko vizuri, ila 74.5 ilitutoa jasho

Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya sekondari, na kwa mwaka mzima sasa tunatumia potali ya matokeo badala ya zile faili za Eksel tulizokuwa tunarushiana kwenye flashi. Jina la potali sitaji maana walishatusikiliza na kurekebisha, ila nataka niandike hili kwa walimu wenzangu maana najua shule nyingi zitakutana nalo bila kujua.

Mazuri nayasema haraka. Kila mwalimu anaingiza alama za somo lake kwa simu yake, mwalimu wa darasa anaona nani hajaingiza, ripoti zinatoka zenyewe na mzazi anapata meseji. Kazi iliyokuwa inanikesha siku nne tano inaisha siku moja. Hapo sina neno.

Sasa tatizo. Sisi alama ya mwisho ya somo ni mtihani wa nusu muhula jumlisha wa muhula gawanya kwa mbili, yaani jumla ya hiyo mitihani miwili ikiwa namba witiri lazima upate nukta tano. Sio kitu cha nadra, ni karibu nusu ya alama zote za shule. Na madaraja tunafuata yale ya NECTA ya kidato cha nne, A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Hizo ni namba nzima, kwa hiyo nukta tano lazima iende juu au chini, na sisi tangu zamani nukta tano inapanda, ndivyo tunavyofundisha hata darasani.

Muhula wa kwanza akaja mama mmoja ofisini, ana ripoti ya binti yake wa kidato cha tatu mkononi, ametulia kabisa. "Mwalimu samahani, mimi hesabu si mtaalamu sana, lakini huyu Baiolojia alipata 71 na 78, nimegawanya kwa kikokotoo inakuja 74.5, mbona hapa mmeandika 74?" Nikachukua simu nikapiga mwenyewe, kweli 149 gawanya kwa 2 ni 74.5. Na hiyo nusu alama haikuwa ndogo jamani. Masomo yake saba bora yalikuwa Baiolojia B, Kiswahili B, Kiingereza B, halafu C nne za Historia, Jiografia, Kemia na Fizikia. B ni pointi 2, C ni pointi 3, jumla 18, na 18 ni divisheni tuu. Baiolojia ingekuwa A angekuwa na 17, divisheni wani. Mtoto alikuwa amelia siku mbili nyumbani.

Nikawapigia watu wa potali wakanijibu mfumo unaraundi sawa, hakuna shida. Ikabidi nijaribu mwenyewe. Nikatengeneza mwanafunzi wa uongo nikampa alama nne zilizokaa kwenye mipaka, 29.5, 44.5, 64.5 na 74.5. Zilitakiwa zitoke 30, 45, 65 na 75. Zikatoka 30, 44, 64 na 74. Yaani moja imepanda, tatu zimeshuka! Hapo ndo nikachanganyikiwa zaidi, maana ingekuwa inashusha zote ningeelewa.

Kijana wetu mmoja aliyesoma hapa shuleni zamani na sasa anaandika programu ndo akanifumbua macho. Potali imeandikwa kwa Python, na Python ukiiambia iraundi nukta tano haipandishi siku zote, inaenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Akanionyesha kwenye kompyuta yake:

```python
>>> round(29.5)
30
>>> round(74.5)
74
```

Hilo si kosa la Python, ni utaratibu unaojulikana, unatumika ili kwenye hesabu nyingi nukta tano zisiwe zinapanda zote na kuvimbisha jumla. Lakini angalia mipaka yetu: 45, 65 na 75 zote ni witiri, kwa hiyo anayekosa nusu alama hapo anashushwa kila mara, hakuna bahati. 30 peke yake ni shufwa ndo maana ile ikapanda. Na Eksel yetu ya zamani `=ROUND(74.5,0)` inatoa 75, ndo maana miaka yote hatukuwahi kuliona hili. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP
Decimal("74.5").quantize(Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP)
```

Nikawatumia, safari hii pamoja na picha ya yule mwanafunzi wa majaribio, na ndani ya wiki wakabadilisha. Tukachapa upya ripoti za shule nzima na yule binti akapata divisheni wani yake, nikampigia mama yake mwenyewe kumwambia.

Nilipokuwa nakagua hizo ripoti mpya ndo nikagundua la pili, la nafasi. Kidato cha tatu wapo 52, mtoto wa mwisho kabisa ripoti yake inasema wa 31 kati ya 52. Sasa wa mwisho anakuwaje wa 31? Kumbe waliofungana walikuwa wanahesabiwa kama mtu mmoja, watatu wakifungana nafasi ya 2 anayefuata anapewa ya 3 wakati mbele yake wapo wanne, huyo ni wa 5. Ukitaka kujua potali yako iko hivyo mtazame tu wa mwisho, kama hajafungana na mtu na namba yake haifiki idadi ya darasa, basi.

Ila hata hivyo nikajiuliza, kufungana kwingi hivi kunatoka wapi? Jibu ni kwamba potali ilikuwa inaraundi kwanza wastani kuwa namba nzima halafu ndo inapanga nafasi. Kwa masomo 9, mwenye jumla ya 635 ana wastani wa 70.56 na mwenye 643 ana 71.44, wote wanaandikwa 71, wote nafasi moja. Alama nane za jasho la mtoto zimepotea hapo! Kuraundi ni kwa ajili ya alama ya somo ili upate daraja, na ni mara moja tu. Nafasi ipangwe kwa jumla yenyewe, wastani uraundiwe mwisho wakati wa kuchapa. Hili nalo wakalirekebisha, na waliofungana kidato cha tatu wakabaki jozi mbili tu, ambao jumla zao kweli ni sawasawa.

Kwa sasa naipendekeza kwa shule nyingine bila wasiwasi. Ila yule mwanafunzi wangu wa majaribio bado namwingiza kila muhula kabla ya kuruhusu matokeo, na zile alama zake nne, maana mfumo ukiboreshwa huwezi kujua wamegusa nini. Nawe ukifanya hivyo mfute kabla ya kupanga nafasi, la sivyo darasa zima litaandikwa kati ya 53.