Nilibadilisha nywila, pesa zangu zikafungiwa saa 70

Naandika haya nikiwa na hasira bado, na nitajaribu kutomdhulumu mtu. Mimi hufanya kazi ya kuchora nembo na mabango, na mteja wangu mkubwa yuko ng'ambo. Hunilipa kwa USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, kwenye soko moja la sarafu za mtandaoni, kisha mimi huziuza kwa P2P, yaani moja kwa moja kwa mtu mwingine sokoni humo, na mnunuzi hunitumia shilingi kwenye M-Pesa. Kwa zaidi ya mwaka sikupata tatizo lolote. Hata dada zangu niliwafungulia akaunti huko huko.

Jumatatu moja, mnamo saa nne usiku, niliona barua pepe kwamba akaunti yangu imeingiwa kwa simu nyingine. Simu hiyo si yangu. Nikafanya kila tunachoambiwa tufanye: sikubofya kiungo chochote ndani ya barua, nikafungua programu yenyewe, nikabadilisha nywila. Ikakubali. Halafu ukatokea mstari wa manjano juu ya skrini: kutoa pesa kumesimamishwa kwa saa 24 kwa usalama wako.

Kubadilisha hakukuchukua hata dakika mbili, na kabla ya kubonyeza hakuna mahali nilipoambiwa kwamba kutoa kutafungwa. Mstari ule ulikuja baada ya mimi kumaliza.

Hilo ningelimeza. Mdogo wangu alikuwa anaanza mitihani, na chuoni kwao hupewi kadi ya mtihani mpaka ada iishe. Kadi zilikuwa zinatolewa hadi Jumatano jioni. Nikapiga hesabu: Jumanne saa nne usiku pesa zitafunguka, asubuhi nalipa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo roho yangu ilipochafuka. Jumanne saa mbili usiku, zikiwa zimebaki saa mbili tu, programu ikanionyesha alama nyekundu: usalama wa akaunti yako ni dhaifu, acha kupokea namba za siri kwa meseji, tumia programu ya kuzalisha namba. Ni ushauri mzuri. Laini ya simu inaweza kuibwa. Mtu akifanikiwa kusajili upya laini yako kwa kadi nyingine, meseji zako zote zinamfikia yeye. Nikafuata maelekezo hatua kwa hatua. Nilipomaliza, mstari wa manjano ukabadilika: saa 48, kuanzia sasa.

Kuanzia sasa! Saa 22 nilizokwisha kungoja zikafutwa. Kila badiliko la usalama huanzisha saa yake, iwe ni nywila, namba ya simu, barua pepe au uthibitisho wa hatua mbili, na inayoisha mwisho ndiyo inayokutawala. Wao wenyewe ndio waliowasha ile alama nyekundu, wakijua mlango wangu umebakiza saa mbili kufunguliwa.

Nikajaribu kila upenyo. Kuuza kwa P2P kumefungwa. Kumtumia dada yangu aliye kwenye soko hilo hilo, kumefungwa. Lakini kununua na kubadilisha sarafu ndani kwa ndani kunaruhusiwa, na kupokea kunaruhusiwa pia. Mteja wangu, bila habari, akanitumia malipo mengine Jumatano asubuhi, nayo yakaingia salama na kukaa kando ya yale mengine. Nilikuwa na pesa za ada mara mbili na nisingeweza kulipa hata nauli.

Nikaenda kwa huduma kwa wateja. Aliyenijibu aliandika "kwa usalama wako" mara tano, nilizihesabu. Nikamwambia niko tayari kutuma picha ya kitambulisho, nipige video ya uso wangu, chochote. Akajibu hawezi kuondoa kizuizi, na hata mkubwa wake hawezi. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuniambia kabla. Akanibandikia tena aya ile ile ya kwanza, neno kwa neno, kisha akafunga mazungumzo. Kama angesema pole tu, nisingekuwa naandika haya.

Nusu saa baadaye, kwenye kikundi cha wauzaji nilikouliza kama kuna njia, mtu ananifuata faraghani akisema yeye ni wa kitengo cha usaidizi. Atanifungulia kwa 30 USDT, nimtumie tu ile namba ya siri ya tarakimu sita. Mnaofungiwa, shikeni hili: mwenye kuahidi kufungua anataka hiyo namba ili aingie yeye. Na hapo nikaelewa jibu la yule wa huduma, ingawa lugha yake bado inaniudhi. Kama mfanyakazi angeweza kufungua kwa kuonyeshwa kitambulisho, mwizi mwenye picha ya kitambulisho changu angefunguliwa pia.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. Nilimpigia nikiwa nimejawa na haya, akasema, "Mwanangu, ada haingoji kompyuta," akatoa pesa alizokuwa ameziweka kwa ajili ya chama. Mdogo wangu alipata kadi.

Jioni hiyo nikakaa nikafungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Ile simu ilikuwepo kweli, katika mji ambao sijawahi kufika, dakika chache kabla ya mimi kubadilisha nywila. Hasira ikanitoka, nikaogopa. USDT ikishatoka kwenda anwani ya mtu ni nadra sana irudi. Hakuna benki ya kupigia simu. Mwizi akiwahi anaweza kuanza kwa kubadilisha nywila ili akufungie nje, kisha ndipo anatoa. Saa 24 zile ni za mwenye mali aliyelala, aamke aone barua na kuzuia akaunti. Kwa hiyo nasema wazi: kizuizi chenyewe ni haki, na siombi kiondolewe.

Ila kwangu mimi, nywila mpya ndiyo iliyomtoa mtu yule, maana vifaa vyote vingine vilitolewa papo hapo. Saa 48 za pili, nilizoziwasha kwa kutii alama yao nyekundu kutoka simu yangu ile ile, zilimzuia nani?

Alhamisi skrini iliandika kwamba kutoa kutafunguliwa 17:00. Nikasubiri saa kumi na moja jioni, hakuna kitu. Nikadhani wameniongezea tena. Kumbe ile ni saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ilifunguka saa mbili usiku. Nikauza 380 USDT palepale, na shangazi akapata zake kabla hajalala.

Sasa nikitaka kubadilisha kitu kwa utaratibu wa kawaida, kwanza natoa pesa ninazozihitaji, halafu nabadilisha yote kwa mkupuo mmoja: nywila, programu ya namba, na anwani mpya za kutolea, maana hizo nazo zina kungoja kwake. Nikishuku wizi sitangoja. Nitabadilisha hapo hapo na nitakaa nje ya pesa zangu.

Nilikuwa nimetoa nyota moja. Nilipoiona ile simu ngeni nikapandisha hadi nne. Leo alama nyekundu imewaka tena, ikinitaka nithibitishe upya namba ya simu, na chini ya kitufe bado hawajaandika ni saa ngapi nitafungiwa. Nimeondoa moja, zimebaki tatu.