Kibodi ya gemu inayomeza shuti: uzoefu wangu

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Juzi kati nimenunua kibodi ya gemu Kariakoo, ile yenye taa za rangi na waya mnene wa kusuka, na kibodi hii inanikatalia kupiga shuti. Si shuti zote. Ni zile za winga anayekimbia mshazari kuelekea juu kushoto, yaani zile ambazo ndizo mchezo wangu.

Mimi nacheza mpira kwenye kompyuta. Mishale ya kukimbia iko mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uko kwenye A ya krosi, S ya pasi na D ya shuti. Winga wangu anaingia kwenye boksi, nimekamata mshale wa juu na wa kushoto pamoja, nabonyeza D, na hakuna kinachotokea. Jamaa anaendelea kukimbia na mpira hadi unatoka nje. Nikielekea juu kulia, D inaitika bila shida. Kushoto tu, D tu. Fikiria unapoteza fainali ya mtaani kwa kitu cha namna hiyo, na huku wenzako wanakwambia umechelewa kubonyeza.

Basi nikafungua Notepad. Ukikamata mishale miwili kisha ukagonga herufi, herufi hiyo lazima ijiandike, haijalishi kielekezi kinakimbilia wapi. Juu na kulia, nikagonga D: zikajaa d. Juu na kushoto, D: patupu. Nikageuza mpangilio, nikatangulia na D na mshale wa juu, kisha nikaongeza wa kushoto. Safari hii D ilikuwa hai, mshale wa kushoto ndio uliokufa. Kwa hiyo hakuna kitufe kibovu hapo. Kimoja kimoja vyote ni vizima. Vikikutana vitatu, cha mwisho kuingia ndicho kinachomezwa.

Nikarudi dukani. Muuzaji hata hakuichomeka. Akaniambia, "Mdogo wangu, kibodi ya gemu haina shida hiyo, wewe bado una mikono mizito." Mbele ya wateja wengine! Nikamwomba afungue Notepad dakika moja tu. Akasema yeye hauzi Notepad. Halafu, kana kwamba ananisaidia, akanivutia kibodi nyingine ya bei kubwa zaidi, eti ile ina waya wa kuchomoa wa Taipu-C, na kichwa kilichopakwa dhahabu, kwa hiyo "inapeleka batani zote." Nilitoka pale natetemeka.

Nikaipeleka kwa fundi ninayemwamini, tukaifungua. Ndani hakuna maajabu: karatasi tatu za plastiki zimelaliana. Ya juu na ya chini zina mistari ya fedha iliyochapwa, ya katikati ina matundu tu. Ukibonyeza kitufe, mstari wa juu unagusa wa chini kupitia tundu lake, na kichipu kidogo pembeni kinajua mistari ipi miwili imekutana. Vitufe zaidi ya mia vinagawana mistari michache, kwa hiyo majirani wengi wanatumia njia moja.

Fundi akafuata mistari kwa ncha ya bisibisi. Mshale wa juu na wa kushoto wako kwenye mstari mmoja wa juu. Mshale wa kushoto na D wako kwenye mstari mmoja wa chini. "Umeona?" akasema. "Hizi ni pembe tatu za mstatili. Ukizibonyeza pamoja, umeme unazunguka na kutokea pembe ya nne, kana kwamba na yenyewe imebonyezwa." Kwangu pembe ya nne ni H. Kichipu hakina namna ya kujua kama H imebonyezwa kweli au ni herufi hewa. Basi watengenezaji wa kibodi wamekiamuru kikae kimya: pembe ya tatu ikiingia, itupe.

Na hapa ndipo nilipozidi kuchemka. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba vitufe 25 vina kinga ya gosti, yaani hizo herufi hewa. Ukilisoma kwa jicho la wakili, hawajadanganya. H hewa kweli haijiandiki. Lakini wameizuia kwa kuua D halali niliyoibonyeza kwa kidole changu! Hivyo vitufe 25 vyenyewe ni W, A, S, D na jirani zao, ambavyo wamevipangia mistari isigongane vyenyewe kwa vyenyewe. Mishale haimo. Na D iliyomo kwenye orodha haina kinga ikikutana na mishale iliyo nje yake. Hilo boksi halisemi.

Dawa yake inajulikana: kila kitufe kiwekewe daiodi, umeme upite upande mmoja tu, usipate njia ya kuzunguka. Kibodi nyingi za mekaniko zinazouzwa kama NKRO, yaani zinazopokea vitufe vyote hata ukivibonyeza pamoja, zimejengwa hivyo, juu ya bodi ya kuchomelea. Kwenye karatasi hizi za plastiki hakuna hata pa kuichomelea.

Sasa turudi kwenye waya wa dhahabu, maana huu uongo unawaliza wengi. Kitufe changu kinafia kwenye plastiki, kabla habari haijafika kwenye waya. Usuke waya, uupake dhahabu, uweke Taipu-C, D haipo ya kusafirisha. Kweli USB ina ukomo wake: kwa mpangilio wa kawaida, taarifa moja ya kibodi ina baiti 8, na nafasi ya vitufe 6, mbali na Shifti, Kontroo na wenzao ambao wana baiti yao. Lakini mimi nabonyeza vitatu. Hata ile plagi ya duara ya zamani, PS/2, inayotuma kila kitufe peke yake bila ukomo wa sita, ingekuta D imeshatupwa.

Nikiwa mkweli, kwa kuandika kibodi hii si mbaya. Vitufe ni laini, havipigi kelele usiku, na mwandishi wa kawaida hakamati vitatu kwa pamoja. Pia nimehamishia shuti kwenye F, ambayo iko kwenye mstari mwingine, na winga wangu anafunga tena. Kwa hiyo nilitaka kuipa nyota tatu.

Lakini hapana. Nimeambiwa ni ya gemu, nimelipa bei ya gemu, halafu vidole vilivyozoea D miaka yote ndivyo viambiwe vihame? Nyota moja, na hiyo ni ya taa. Duka halipati hata hiyo. Ukienda kununua, simama pale pale kaunta, omba ichomekwe, fungua Notepad, kamata mishale yako miwili kwa kila mshazari, ugonge kila herufi unayoitumia kwenye gemu yako. Muuzaji akikataa kuichomeka, usitoe hela.