Barua ya kujitambulisha: peke yako au pamoja na anayeondoka?

Tuseme wewe ni afisa mauzo wa saruji, na unapokea wateja wa mwenzako anayeondoka. Mmoja wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga, huchukua saruji kwa mkopo wa siku 30, makubaliano ya mdomo na mwenzako huyo. Ukimwandikia peke yako, “Mimi ndiye afisa mauzo wako mpya,” kwa namba asiyoijua, atakudhania tapeli. Simlaumu.

Barua ya pili inaanzia kwa anayeondoka, kwa namba yake ileile: “Shikamoo mzee, kuanzia Jumatatu utahudumiwa na mwenzangu huyu.” Chini yake wewe unataja mifuko 200 ambayo bado hajaletewa, siku zake 30, na kwamba akaunti ya malipo haijabadilika. Mimi nachukua hii. Ila mwenzako akiwa ameondoka kwa ugomvi, meneja ndiye aanze.